Benki kuu ikiunda pesa nyingi, sarafu hupoteza nguvu: Funzo kutoka yeni ya Japani

Haya ni maelezo ya mada iliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha elimu ya umma kuhusu masuala ya fedha. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Kuna swali linaloulizwa karibu katika kila baraza ambapo bajeti inajadiliwa. Barabara haijakamilika, zahanati haina dawa, na mtu husimama na kuuliza: "Serikali ina Benki Kuu, na Benki Kuu ndiyo inayotoa noti. Mbona wasichapishe tu pesa za kutosha?"

Swali hilo si la kuchekwa. Zipo nchi kubwa ambazo benki kuu zao zimeunda pesa kwa wingi mno, tena kwa makusudi na mbele ya macho ya dunia nzima. Japani ni mojawapo, na katika jambo hili imekwenda mbali kuliko nchi nyingi. Kwa hiyo jibu zuri ni kutazama walifanya nini hasa, na yeni yao ikapatwa na nini.

Pesa huundwaje bila mtambo wa kuchapa?

Ni vyema kuondoa kwanza picha ya mitambo inayochapa noti usiku kucha. Siku hizi benki kuu huunda pesa kwa kununua kitu na kukilipia kwa kuandika tarakimu.

Serikali inapokopa, hutoa hatifungani, yaani hati ya deni inayoahidi kulipa riba kila mwaka na kurudisha fedha zote siku ya mwisho. Hati hizo hununuliwa na benki za biashara, kampuni za bima na mifuko ya pensheni. Kila benki ya biashara pia ina akaunti yake katika benki kuu, kama vile mwananchi alivyo na akaunti katika benki ya biashara.

Sasa benki kuu ikitaka kuongeza pesa, huingia sokoni na kununua hatifungani zilizo mikononi mwa benki hizo. Inachukua hati, kisha inaongeza tarakimu katika akaunti ya benki iliyouza. Fedha hizo hazikutoka kwa mlipa kodi wala hazikukopwa popote. Jana hazikuwapo, leo zipo. Hicho ndicho wataalamu wanachokiita ununuzi mkubwa wa rasilimali.

Japani, Aprili 2013

Kwa miaka mingi Japani ilikuwa na tatizo ambalo Mkenya anaweza kulionea ajabu: bei za bidhaa zilikuwa hazipandi, na mara nyingine zilishuka. Kampuni ziliogopa kuwekeza na mishahara ilidumaa. Wakati huohuo yeni ilikuwa na nguvu mno. Mwaka 2012 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa takriban yeni 80, na wenye viwanda vya magari walilalamika kwamba bidhaa zao zilikuwa ghali ng'ambo.

Januari 2013 Benki Kuu ya Japani ilijiwekea lengo la kufikisha mfumko wa bei asilimia 2. Machi mwaka huo ikapata gavana mpya, Haruhiko Kuroda, na tarehe 4 Aprili akatangaza mpango uliowashangaza hata waliokuwa wakiutarajia. Pesa za msingi za benki kuu, yaani noti zilizo mikononi mwa watu pamoja na akaunti za benki za biashara, zingeongezwa maradufu katika miaka miwili: kutoka takriban yeni trilioni 138 hadi trilioni 270. Akiba yake ya hatifungani za serikali ingekua kwa kasi ya takriban yeni trilioni 50 kwa mwaka. Tarehe 31 Oktoba 2014 kasi hiyo iliongezwa hadi trilioni 80.

Yeni iliitikiaje? Kufikia Mei 2013 dola moja ilikuwa imepita yeni 100. Juni 2015 ilifika karibu yeni 125. Hapa msikilizaji asichanganyikiwe: yeni nyingi zaidi kwa dola moja maana yake ni yeni dhaifu zaidi. Mtu aliyekuwa na yeni milioni moja mwaka 2012 angeweza kupata dola 12,500. Kwa yeni milioni hiyohiyo, katikati ya 2015 angepata dola 8,000. Zaidi ya thuluthi moja ya nguvu yake mbele ya dola ilikuwa imeyeyuka.

Kwa nini sarafu ilidhoofika?

Wengi husema, "Ni kwa sababu pesa zilikuwa nyingi." Jibu hilo lina ukweli, lakini linaruka hatua za katikati, na hatua hizo ndizo muhimu.

Hatua ya kwanza ni riba. Chukua hatifungani inayolipa shilingi 10 kwa mwaka, na bei yake sokoni ni shilingi 1,000. Mwenye kuinunua anapata asilimia 1. Sasa anakuja mnunuzi mkubwa ambaye pesa zake haziishi, naye ananunua kila siku. Bei inapanda hadi shilingi 1,250. Hati bado inalipa shilingi 10 zilezile, lakini kwa mnunuzi mpya faida sasa ni asilimia 0.8 tu. Benki kuu ikinunua hati za deni kwa wingi, bei zake hupanda na faida yake hushuka.

Hatua ya pili ni kuhama kwa fedha. Mwishoni mwa mwaka 2013 hatifungani ya miaka kumi ya Marekani ilimpa mwekezaji karibu asilimia 3, ilhali ya Japani ilimpa chini ya asilimia 1. Meneja wa kampuni ya bima mjini Tokyo, mwenye wajibu wa kulipa wateja wake miaka ishirini baadaye, hawezi kukaa tu akitazama tofauti hiyo. Anaiuzia benki kuu hati zake, anapokea yeni, kisha anatafuta hati za ng'ambo. Lakini hati za Marekani hazinunuliwi kwa yeni. Ni lazima kwanza auze yeni na kununua dola. Akifanya hivyo yeye peke yake, soko halitikisiki. Wakifanya hivyo maelfu, yeni inakuwa bidhaa ambayo kila mtu anaiuza na wachache wanaitaka. Bei yake inashuka, kama sukuma wiki inavyoshuka siku ambayo kila mkulima ameleta sokoni.

Jambo hili lilionekana wazi siku ileile ya tarehe 31 Oktoba 2014. Pamoja na tangazo la benki kuu, mfuko mkuu wa pensheni wa serikali ya Japani, ambao ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani, ulitangaza kubadilisha mpango wake wa uwekezaji. Hatifungani za ndani zilikuwa zimepangiwa asilimia 60 ya fedha zake, sasa zingeshuka hadi 35. Hisa za kampuni za kigeni zingepanda kutoka asilimia 12 hadi 25, na hatifungani za kigeni kutoka 11 hadi 15. Kwa ufupi, mfuko ungeuza hati za Japani wakati benki kuu inanunua, na sehemu ya fedha ingevuka mpaka. Siku hiyo dola ilipanda kutoka takriban yeni 109 hadi 112, na Desemba ilikuwa imefika karibu 120.

Hatua ya tatu ni matarajio. Wafanyabiashara wa fedha hawasubiri tukio litokee. Akijua kwamba mvua itanyesha kesho na barabara itakatika, mwenye lori huondoka leo. Kutoka Novemba 2012, chama kilichotarajiwa kushinda uchaguzi wa Japani kilipoanza kudai sera ya pesa nyingi, yeni ilianza kuuzwa. Kuroda alipotoa tangazo lake Aprili, dola ilikuwa tayari imepita yeni 90. Sehemu ya anguko ilitokea kabla hata hati moja haijanunuliwa chini ya mpango huo mpya. Soko lilikuwa limeisikia ahadi na kuiamini.

Nani alinufaika, nani alilipa?

Wenye viwanda walifurahi. Gari lililouzwa Marekani kwa dola 20,000 lilileta yeni milioni 1.6 dola ilipokuwa yeni 80. Dola ilipofika 125, gari hilohilo lilileta yeni milioni 2.5, bila kubadilisha hata skrubu moja.

Hata hapa Kenya, ambako magari mengi ya mitumba hutoka Japani, hesabu hiyo ina maana. Gari la yeni milioni moja katika mnada wa Japani, kwa hesabu ya awali la dola 12,500, sasa lingekuwa dola 8,000 kabla ya usafiri na ushuru. Shilingi yetu nayo ilikuwa imedhoofika kiasi katika kipindi hicho, kutoka karibu 85 kwa dola hadi karibu 98, lakini bado bei ingeshuka kutoka takriban shilingi milioni 1.06 hadi takriban shilingi 784,000. Huo ni mfano wa hesabu tu, kwa kuwa bei za mnada nazo hupanda wanunuzi wa nje wakiongezeka. Hata hivyo unaonyesha upande wa pili: sarafu ya muuzaji ikidhoofika, mnunuzi wa nje hupata nafuu.

Aliyelipa ni mwananchi wa Japani anayenunua vitu vya nje. Nchi hiyo huagiza karibu mafuta na gesi yake yote, na baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011 mitambo yake ya nyuklia ilikuwa imezimwa. Kila shehena ya gesi ililipiwa kwa dola, na dola ilihitaji yeni nyingi zaidi. Bili za umeme na bei za vyakula vya kuagiza zilipanda kabla ya mishahara. Huo ndio mzigo wa sarafu dhaifu: haumwombi mtu ruhusa, unamkuta dukani.

Pale ambapo kanuni haikufuatwa

Kama simulizi ingeishia hapo, ingekuwa rahisi mno. Mwaka 2016 Benki Kuu ya Japani ilikuwa bado inanunua hati kwa kasi ya trilioni 80 kwa mwaka. Mwishoni mwa Januari ikaenda mbali zaidi na kutangaza riba chini ya sifuri, asilimia 0.1 hasi, kwa sehemu ya fedha ambazo benki za biashara huweka kwake. Wengi walitarajia yeni ishuke tena. Badala yake ilipanda nguvu: kutoka takriban 121 kwa dola hadi karibu 100 katikati ya mwaka.

Sababu ni kwamba bei ya sarafu ni mizani yenye sahani mbili. Mwaka huo wawekezaji waliingiwa na hofu, kwanza kuhusu uchumi wa dunia, kisha Juni Uingereza ilipopiga kura kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Wakati wa hofu, Wajapani wenye mali ng'ambo hupunguza hatari na yeni hutafutwa kama kimbilio. Marekani nayo ilisitasita kupandisha riba. Kwa hiyo ingawa pesa za Japani ziliendelea kuongezeka, ile tofauti ya faida iliyokuwa ikisukuma fedha nje ilipungua.

Mwaka 2022 mizani iliinamia upande mwingine. Benki kuu ya Marekani, ikipambana na mfumko wa bei, ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mwezi Machi hadi zaidi ya asilimia 4 kufikia Desemba. Japani ilikataa kufuata. Ilikuwa imeahidi kuzuia riba ya hatifungani zake za miaka kumi isipite asilimia 0.25, na kila soko lilipoisukuma juu, benki kuu iliunda yeni na kununua hati hadi riba irudi. Sasa yeni ndiyo iliyobeba shinikizo lote. Kutoka takriban 115 kwa dola mwanzoni mwa mwaka, ilifika karibu 152 mwezi Oktoba. Serikali ililazimika kuuza dola zake za akiba ili kuinunua yeni, huku benki kuu yake ikiendelea kuiunda. Desemba hiyo mfumko wa bei ulifika asilimia 4, kiwango ambacho Wajapani hawakuwa wamekiona kwa takriban miaka arobaini. Riba hasi iliondolewa Machi 2024.

Somo ni kwamba wingi wa pesa peke yake hautoshi kutabiri. Kinachoangaliwa ni je, pesa hizo zinashusha faida ya kushika sarafu hiyo ikilinganishwa na nyingine? Mataifa makubwa yote yakiunda pesa kwa pamoja, sarafu zao huweza kubaki palepale zikilinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Anayeendelea kuunda wakati wengine wameacha ndiye ambaye sarafu yake huporomoka.

Na sisi Kenya?

Sasa turudi kwenye swali la baraza. Ikiwa Japani iliweza kuunda matrilioni na bado maduka yake yana bidhaa, mbona Kenya isifanye hivyo?

Tofauti ya kwanza ni imani. Japani inadai nchi nyingine mali nyingi kuliko inavyodaiwa, na deni la serikali yake ni la yeni, sehemu kubwa ikishikwa na Wajapani wenyewe. Sehemu kubwa ya pesa zilizoundwa ililala katika akaunti za benki bila kukimbilia sokoni. Kenya hudaiwa sehemu kubwa ya deni lake kwa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka, deni hilo huongezeka kwa shilingi siku hiyohiyo, ingawa hakuna hata dola moja mpya iliyokopwa.

Tofauti ya pili ni kwamba Kenya imewahi kuonja. Pesa ziliongezeka kwa kasi karibu na uchaguzi wa Desemba 1992, wakati ambapo wafadhili pia walikuwa wamezuia misaada. Dola moja, iliyokuwa takriban shilingi 36 mwisho wa 1992, ilifika takriban 68 mwisho wa 1993. Wastani wa mfumko wa bei mwaka huo ulikuwa karibu asilimia 46. Ili kuzirudisha pesa zilizokuwa zimezagaa, serikali iliuza hati za muda mfupi kwa riba iliyopita asilimia 70. Mfanyabiashara wa kawaida hakuweza kukopa kwa gharama kama hiyo. Pesa zilizoingia kwa wepesi zilitoka kwa maumivu.

Ndiyo maana Sheria ya Benki Kuu ya Kenya imeweka mpaka. Kile ambacho serikali inaweza kukopa moja kwa moja kutoka benki hiyo hakiruhusiwi kuzidi asilimia 5 ya mapato yake ya kawaida, kwa mujibu wa hesabu za karibuni zilizokaguliwa. Serikali za kaunti hazina kabisa uwezo wa kuunda pesa. Bajeti ya kaunti hutokana na mgao wa kitaifa, ushuru na ada za ndani, ruzuku, na mikopo yenye dhamana ya serikali kuu.

Hata hivyo, si kila shilingi inaposhuka ni kwa sababu ya kuundwa kwa pesa. Mnamo Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Wakati huo wasiwasi mkubwa ulikuwa kama Kenya ingepata dola za kulipa hatifungani ya kigeni ya dola bilioni 2 iliyoiva Juni mwaka huo. Februari nchi ilipouza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5, hofu ilipungua, na baada ya wiki chache shilingi ilikuwa imerudi karibu 130. Hapo tatizo lilikuwa uhaba wa dola na hofu ya madeni.

Basi mkazi atatambuaje? Anaposikia kwamba shilingi au sarafu nyingine imeshuka, aulize maswali matatu. Je, benki kuu ya nchi hiyo inanunua madeni ya serikali yake kwa pesa mpya? Je, riba yake inashuka huku ya wengine ikipanda? Na je, bei za bidhaa za ndani, zisizoagizwa kutoka nje, nazo zinapanda? Majibu yote yakiwa ndiyo, pesa mpya huenda ndizo chanzo. Yakiwa hapana, chanzo kitafutwe kwingine: mauzo ya nje yaliyopungua, deni linaloiva, au sarafu ya upande wa pili iliyopata nguvu.

Na yule anayeuliza mbona pesa zisichapishwe tu, jibu lake ni hili: zinaweza kuundwa kwa dakika moja. Lakini shilingi mpya haiongezi gunia la mahindi ghalani wala lita ya mafuta bandarini Mombasa. Inagawanya upya kilichopo, na fungu dogo zaidi humwangukia anayeweka akiba yake kwa shilingi na kungojea mshahara mwisho wa mwezi.